Msamaha wa matibabu na bima ya afya: mgonjwa anapotibiwa bure, ni nani anayelipa?

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, maswali yaliyokuwa yakiulizwa kwa sauti ya chini kwenye foleni za hospitali sasa yanaulizwa hadharani. Je, mtoto wa chini ya miaka mitano ataendelea kutibiwa bure? Mzee mwenye kitambulisho cha msamaha anahitaji bima ya nini? Na kama serikali imekwisha kusema kwamba makundi haya hayalipi, kwa nini mama anatoka hospitali ya wilaya na karatasi ya kwenda kununua dawa dukani? Makala haya yanahusu Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina mfumo wake, na yanajaribu kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku yamefungwa fundo moja, yaani msamaha wa malipo na bima.

Hapo mwanzo hapakuwa na haja ya msamaha, kwa kuwa hapakuwa na malipo. Kwa miaka mingi baada ya uhuru hospitali za serikali zilitibu bila kutoza. Mwaka 1993 ndipo serikali ilipoanza kwa awamu utaratibu wa uchangiaji, ambao mgonjwa hulipia sehemu ya gharama, na ulianzia hospitali kubwa kabla ya kuteremka hadi za wilaya. Ilionekana tangu siku ya kwanza kwamba wapo ambao hawataweza kuchangia, na wapo ambao jamii nzima itaumia wasipotibiwa, kama mgonjwa wa kifua kikuu anayebaki nyumbani akikohoa. Kwa ajili ya watu hao misamaha iliingizwa pamoja na malipo yenyewe.

Misamaha hiyo ni ya aina mbili, na kuichanganya ndiko kunakozaa ugomvi mwingi dirishani. Aina ya kwanza ni msamaha wa kundi. Mtu hupewa kwa sababu ya alivyo, bila kuulizwa ana nini mfukoni. Humo wamo watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito kwa huduma zinazohusu ujauzito na kujifungua, na wenye magonjwa yanayotajwa katika miongozo, yakiwemo kifua kikuu, ukoma, ukimwi, kisukari, saratani na magonjwa ya akili. Kwa watoto ushahidi ni kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa, na kwa wagonjwa wa muda mrefu ni jalada na kadi ya kliniki ya ugonjwa husika.

Aina ya pili ni msamaha wa hali. Huu hutolewa kwa mtu ambaye hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, lakini hana uwezo wa kulipa. Hapa lazima mtu achunguzwe, na anayechunguza ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye huuliza kuhusu kazi, makazi, wategemezi na ndugu, husoma barua ya mtendaji wa kijiji au ya serikali ya mtaa, kisha huamua kama mgonjwa asamehewe yote, asamehewe sehemu, au alipe kidogo kidogo.

Wazee wamesimama katikati ya aina hizi mbili, na hapo ndipo uvumi mkubwa kuliko yote ulipojengeka. Wengi wanaamini kwamba kila aliyefikisha miaka 60 hatakiwi kulipa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 hazisemi hivyo. Zinamzungumzia mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Umri unamfikisha mlangoni, lakini kinachomwingiza ni hali yake. Ndiyo maana halmashauri huwatambua wazee kupitia vijiji na mitaa na kuwapa vitambulisho vya matibabu, ili uchunguzi wa uwezo ufanyike mara moja nyumbani, kabla mzee hajaugua. Mzee mwenye kitambulisho amekwisha kuvuka uchunguzi huo. Asiye nacho, hata awe na miaka 80, anaweza kurudishwa kwa afisa ustawi wa jamii, na si haki kumlaumu karani wa mapokezi kwa hilo. Vilevile, dirisha la wazee tunaloliona katika hospitali nyingi ni utaratibu wa kuwahudumia mapema. Linafupisha foleni, na kupita hapo hakumaanishi kwamba bili imefutwa.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Msamaha ni agizo linalosema nani asilipe, lakini halisemi nani alipe. Anayepanda daladala katika miji yetu anaifahamu hali hii vizuri: nauli ya mwanafunzi imepunguzwa kwa amri, lakini hakuna anayemfidia mwenye gari tofauti iliyobaki, na matokeo yake konda anachagua abiria na wanafunzi wanabaki kituoni. Hospitali haiwezi kuwaacha wagonjwa kituoni namna hiyo, lakini hesabu inayoikabili ni hiyohiyo. Glovu, sindano, dripu na dawa alizotumia mtoto aliyesamehewa zimetoka katika stoo ileile na zilinunuliwa kwa fedha, na siku zinapokwisha lazima zinunuliwe tena.

Fedha hizo hutoka wapi? Kwa hospitali ya wilaya au kituo cha afya kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni serikali na washirika wake, kupitia mgao wa dawa kutoka Bohari ya Dawa na fedha zinazotumwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Ya pili ni mapato ya kituo chenyewe, yaani malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa pamoja na marejesho kutoka katika mifuko ya bima. Mgonjwa wa msamaha hachangii chochote katika njia hii ya pili. Gharama yake huandikwa katika mfumo wa hospitali kama msamaha, huonekana katika taarifa za mwezi, na mara nyingi hadithi yake huishia hapo. Anayebeba mzigo ni kituo, na kupitia kituo, ni wagonjwa wengine wanaolipa, kwa sababu fedha zao ndizo zinazojaza pengo la stoo.

Tofauti inaonekana wazi ukitazama huduma ambazo zina mlipaji anayejulikana. Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, dawa za kifua kikuu na chanjo za watoto hutolewa bure, na kwa kawaida hupatikana, kwa sababu kuna fungu la serikali na wafadhili linalozinunua na kuzifikisha. Lakini mtoto yuleyule aliyepata chanjo bure asubuhi akiugua homa ya mapafu jioni, dawa anayohitaji haina fungu lake la pekee. Ikiwa ipo stoo atapewa bila malipo. Ikiwa haipo, msamaha wake unafika dirisha la dawa na kukoma hapo, kwa maana duka la dawa la nje halilazimiki kuufuata msamaha wa hospitali. Mama hajadanganywa na mtu aliyemwambia matibabu ni bure. Kilichotokea ni kwamba msamaha unafuta bei ya kilichopo, na hauna nguvu ya kuleta kisichokuwepo.

Bima hufanya kazi kwa namna iliyo kinyume. Haisemi kwamba mgonjwa asilipe, bali inasema kwamba kuna mtu mwingine atakayelipa kwa niaba yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, huchukua asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu kutoka kwake na nusu kutoka kwa mwajiri, na humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, ambao wanaweza kuwa watoto au wazazi. Mgonjwa wa NHIF akihudumiwa, hospitali huandaa madai na mfuko hulipa. Dawa isipokuwepo, anaweza kupewa fomu na kuichukua katika duka lililosajiliwa na mfuko. Kwa wasio na ajira rasmi kuna Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukapewa sheria yake mwaka 2001, na kuboreshwa mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita katika mikoa mingi. CHF iliyoboreshwa hutibu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata rufaa. Haivuki hapo.

Je, mtu mwenye msamaha akiwa pia na bima, kipi kinatangulia? Bima ndiyo inayotangulia, na sababu yake tumekwisha kuiona: mtoto wa miaka mitatu ambaye ni mtegemezi wa mama yake katika NHIF akitibiwa kwa msamaha, hospitali inapoteza fedha ambazo mfuko ulikuwa tayari kuzilipa. Kwa hiyo mzazi anapoombwa kadi ya bima ya mtoto ambaye kwa umri wake amesamehewa, hanyang'anywi haki. Anaisaidia hospitali kurejesha gharama, na mwenyewe anajiongezea nafasi ya kupata dawa ya nje ya stoo. Nimewahi kusikia wazazi wakificha kadi wakiamini kwamba inakwisha kwa kutumika, kama vocha ya simu. Kwa matibabu ya kawaida ya mtoto hakuna sababu ya kuificha.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba mwenye bima hawezi tena kuomba msamaha. Hilo nalo si kweli, na kulielewa kunaweza kuokoa kaya isiuze shamba. Bima ina mipaka, na mtu maskini anapovuka mpaka huo anakuwa, kwa huduma hiyo, mtu asiye na bima. Mwenye CHF akipewa rufaa kwenda Bugando, KCMC au Muhimbili, kadi yake imebaki mkoani. Akifika huko anayo haki ya kwenda ofisi ya ustawi wa jamii na kueleza hali yake sawa na mtu mwingine yeyote, na barua ya mtendaji aliyoichukua kabla ya kusafiri itakuwa na thamani kubwa kuliko kadi.

Tuchukue kaya moja ya mfano tuone mambo haya yanavyogongana katika maisha. Bibi ana miaka 67 na anaugua kisukari. Binti yake ni mjamzito na anaishi kwa vibarua vya shambani. Wapo wajukuu wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine tisa. Kaya imeandikishwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Ukisikiliza matangazo unaweza kudhani kaya hii haihitaji kulipa shilingi hata moja. Bibi amesamehewa kwa ugonjwa wake, na kwa umri pia ikiwa ana kitambulisho. Binti amesamehewa kwa ujauzito, na mjukuu mdogo kwa umri.

Mjukuu wa miaka tisa ndiye anayeanguka kutoka juu ya mwembe na kuvunjika mkono. Huyu hana msamaha wa kundi lolote. Kati ya siku ya kutimiza miaka mitano na uzee kuna mtu asiyekumbukwa na orodha, na mwanafunzi wa shule ya msingi ni mmoja wao. Hospitali ya wilaya inaandika kumwona daktari, picha ya eksirei, dawa za maumivu na plasta, na jumla yake tuseme ni shilingi 45,000. Binti hana. Anatoa karatasi ya TASAF akiamini itamaliza jambo, lakini karani anamwambia haitoshi. Karani yuko sahihi kwa upande mmoja: kuwa katika mpango wa TASAF ni ushahidi wa umaskini, na pengine ni ushahidi bora kuliko wote kwa sababu kijiji kizima kilishiriki kuutoa, lakini si hati ya msamaha. Anachokosea karani ni kuishia hapo. Alipaswa kumwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye angeisoma karatasi hiyo kama ushahidi na kuidhinisha msamaha wa hali.

Hatua zenyewe zinahitaji mpangilio. Msamaha unapaswa kuombwa kabla ya malipo kufanyika, na kama mgonjwa anaweza kusubiri, kabla ya namba ya malipo kutolewa na mfumo. Fedha ikishaingia katika akaunti ya serikali, kuirudisha ni safari ndefu ambayo wachache huimaliza. Kwa dharura, kama mtoto anayevuja damu au mama mwenye uchungu, huduma huanza na maelezo ya uwezo hufuata. Mahali panapoharibika zaidi ni pale familia inaposubiri hadi siku ya kuruhusiwa kutoka wodini ndipo iseme haina fedha. Wakati huo bili imekua, ndugu aliyeleta mgonjwa kwa gari dogo ameonekana getini, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuamua ndani ya dakika chache bila barua wala shahidi. Akikataa, huonekana mkatili. Akikubali kila ombi la namna hiyo, stoo inakauka. Ni heri kuingia ofisini kwake siku ya kwanza mgonjwa anapolazwa.

Je, kaya ile ingefaidika na CHF kwa shilingi 30,000? Kwa hesabu ya mjukuu pekee, ndiyo. Mchango wa mwaka mzima ungekuwa mdogo kuliko bili ya mkono mmoja, na bibi, binti na mjukuu mdogo wangetambulika katika kadi hiyohiyo, ambayo hospitali ingeweza kuidai malipo. Kwa hiyo si kweli kwamba familia yenye watu wengi waliosamehewa haihitaji bima. Inaihitaji kwa ajili ya yule mmoja ambaye hakusamehewa. Lakini kadi inayokimbiliwa mtoto akiwa tayari mezani kwa daktari kwa kawaida haisaidii, kwa sababu bima yoyote hufa ikiwa watu watajiunga wakiwa wagonjwa tu. Hilo ndilo lililoitikisa Toto Afya Kadi ya NHIF, ambayo kwa shilingi 50,400 kwa mwaka ilimhudumia mtoto hadi chini ya miaka 18. Wazazi wengi waliandikisha yule mtoto anayeumwa na kuwaacha wazima, gharama zikapita michango, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kujiunga kupitia shule au familia. Kwa kuwa masharti ya kuwaandikisha watoto yamekuwa yakibadilika, mzazi na aulize ofisi ya mfuko iliyo karibu kabla ya kutegemea alichosikia kwa jirani.

Lingine linalosemwa sana ni kwamba mtoto mdogo hutibiwa bure hospitali yoyote. Msamaha ni lazima kwa hospitali za umma, pamoja na zile za mashirika ya dini zilizoingia mkataba na serikali kutoa huduma kama hospitali teule, kwa kadiri mkataba wenyewe unavyosema. Hospitali binafsi hailazimiki kuufuata.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa katika mjadala wetu limekuwa kugombana na mtu wa dirishani wakati tatizo liko katika daftari la hesabu. Na jambo hili halikuwa siri. Sheria ya CHF ya mwaka 2001 iliruhusu kaya maskini kusamehewa mchango wa mwaka na bado kupewa kadi, kwa mapendekezo yanayoanzia kijijini, na ikaitaka mamlaka inayosamehe itafute njia nyingine ya kuufidia mfuko. Huo ulikuwa mtazamo sahihi kabisa, kwa sababu ulimbadilisha maskini kutoka mtu anayesamehewa kuwa mtu anayelipiwa. Tena kulikuwa na utaratibu wa tele kwa tele, ambao serikali kuu iliongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wananchi, hivyo halmashauri iliyomlipia maskini mmoja ingevuta fedha maradufu. Halmashauri nyingi hazikuwa na fungu la kufanya hivyo. Ziliona ni rahisi kuandika barua za msamaha, ambazo hazihitaji bajeti.

Sheria ya mwaka 2023 inarudi katika wazo hilo kwa nguvu zaidi. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, wenye vyanzo vyake vikiwemo tozo za baadhi ya bidhaa kama vinywaji. Mfuko huo ukijazwa ipasavyo, bibi wa kaya yetu atakuwa mgonjwa ambaye hospitali inafurahi kumwona, kwa maana nyuma yake kuna malipo. Hapo swali la kama msamaha unaondolewa litapungua uzito, kwa kuwa kadi iliyolipiwa humpa yote aliyopewa na msamaha, na zaidi ya hayo inaipa hospitali fedha ya kununua dawa aliyokuwa akiikosa. Mfuko usipojazwa, au fedha zikichelewa kufika, kadi yake itakuwa msamaha wa zamani wenye jina jipya, na ataendelea kupewa karatasi ya duka la nje.

Kinachobaki kigumu katika mifumo yote miwili ni kumtambua asiye na uwezo. Uchunguzi wa wodini unawakuta watu wakiwa wamechoka na hawana nyaraka. Orodha ya TASAF ni nzuri kwa waliomo, lakini umaskini husogea: mtu aliyekuwa na genge mwaka uliopita anaweza kuwa ameliuza kwa ajili ya matibabu ya mkewe, na jina lake haliko popote. Kwa hiyo hata bima ikienea, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali bado itahitajika kwa yule ambaye orodha haijamfikia. Kwa sasa, mwenye mzee au mtoto nyumbani anaweza kufanya mambo mawili wakiwa bado wazima: kumpeleka mzee kwa mtendaji aandikishwe na kupata kitambulisho, na kuulizia ofisi ya halmashauri kama kaya yake imo katika orodha ya watakaolipiwa bima na, kama haimo, ni lini orodha hiyo itapitiwa tena.